Majani ya chai hayawezi kusubiri: kwa nini bei ya chai Rungwe haipandi kwa kupiga kelele peke yake

*TAARIFA YA TAWI KWA WANACHAMA WOTE*
*Kutoka ofisi ya Katibu wa Tawi*



Tumepokea ujumbe mwingi kuhusu chai kuelekea mkutano wa tawi. Wapo wanaotaka tupeleke tamko moja tu: bei elekezi ipandishwe. Wapo waliochoka kabisa na wanasema dawa ni kung'oa chai yote tupande parachichi. Sisi katika uongozi wa tawi tumekaa na hoja zote mbili na tumeona zinagusa ugonjwa pembeni. Tunaomba msome hadi mwisho kabla ya kuja kupiga kura, maana tutakachoamua ndicho tutakachokipeleka kwenye kata na halmashauri.

*1. Mnunuzi mmoja maana yake nini*

Wote tunalijua neno ukiritimba. Kwa kawaida tunamfikiria muuzaji mmoja, kwa mfano duka moja kijijini linalouza sukari kwa bei linayotaka. Lakini kuna ukiritimba wa upande wa pili, ambapo wauzaji ni maelfu na mnunuzi ni mmoja. Mwanauchumi Mwingereza, Joan Robinson, aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1933, ambamo ulipewa jina lake la kitaalamu. Sisi tuuite tu mnunuzi pekee.

Linganisheni ndizi na chai. Mama mwenye mikungu mitano akifika soko la Kiwira anakuta wachuuzi wengi, na malori yanayopeleka mizigo Mbeya na Dar es Salaam. Huyu akimtajia bei mbaya, anamfuata yule. Wote wakiwa wabaya, anarudi na mikungu yake na kujaribu tena kesho kutwa. Mwenye chai hana "huyu na yule", na hana kesho kutwa.

Kwanza, jani bichi la chai sehemu kubwa yake ni maji, na likishachumwa linaanza kuharibika. Linatakiwa lifike kiwandani ndani ya saa chache, kabla halijachemka ndani ya gunia na kuwa jekundu. Kwa hiyo mkulima wa chai hana soko la Tanzania nzima. Soko lake ni umbali ambao gari la majani linaweza kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwenye barabara zetu za mvua.

Pili, mchai si mahindi. Unaupanda, unausubiri miaka kama mitatu, kisha unakaa shambani miaka hamsini na zaidi. Ukishaupanda umefunga ndoa na kiwanda. Na wakati wa mvua, ukiacha kuchuma wiki mbili ili "kugoma", majani yanakomaa na shamba linakuwa pori. Hasara ni yako, kiwanda hakijapoteza kitu.

Hapo ndipo linapokuja suala la kuhesabu wanunuzi. Ukitazama ramani ya wilaya yetu utaona kiwanda cha Katumba, kiwanda cha Mwakaleli na kiwanda cha Chivanjee. Mtu wa nje atasema mna wanunuzi watatu, mnalia nini? Lakini Katumba na Mwakaleli vilikuwa vya Mamlaka ya Chai ya serikali, na vilipobinafsishwa miaka ya 2000 viliingia mikononi mwa kampuni moja, Wakulima Tea Company. Viwanda viwili, mnunuzi mmoja. Swali la maana si wilaya ina viwanda vingapi. Swali ni hili: kutoka kituo chako cha kununulia chai, ni magari ya kampuni ngapi yanaweza kufika na yako tayari kukupimia leo? Kwa wengi wetu jibu ni moja.

Tueleweke vizuri: hatumtuhumu mtu wala kampuni kwa nia mbaya. Enzi za Mamlaka ya Chai mnunuzi alikuwa serikali, na bado wazee wetu wanakumbuka majani kuachwa vituoni na malipo kuchelewa. Tatizo liko kwenye mpangilio wenyewe. Ukimweka hata mtu mwema kwenye kiti cha mnunuzi pekee, hesabu zitamvuta upande mmoja. Hesabu zenyewe ni hizi.

*2. Hesabu ya mnunuzi pekee*

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, ili tuelewane.

Tuseme kiwanda kinanunua kilo 100,000 za majani kwa mwezi kwa shilingi 300 kwa kilo. Kinalipa milioni 30. Tuseme pia kwamba kila kilo ya jani, baada ya kutoa kuni, umeme, mishahara, magunia na usafiri, ina thamani ya shilingi 500 kwa kiwanda. Kwa kila kilo kinabaki na 200, jumla milioni 20.

Sasa meneja anajua kwamba akipandisha bei hadi 330, wakulima watatia mbolea na kupalilia, na wale walioacha mashamba yao yawe pori watarudi. Atapata kilo 110,000. Je, apandishe?

Mtu wa haraka atasema ndiyo, kwa sababu kila kilo ya nyongeza atainunua 330 na ina thamani ya 500. Lakini meneja hawezi kuwalipa 330 wale wapya tu. Atawalipa wote. Kilo 110,000 mara 330 ni milioni 36.3. Ameongeza milioni 6.3 ili apate kilo 10,000, kwa hiyo kila kilo ya nyongeza imemgharimu shilingi 630. Faida yake inashuka kutoka milioni 20 hadi milioni 18.7. Meneja mwenye akili timamu ataacha bei kwenye 300, na hatakuwa mwizi. Atakuwa amepiga hesabu.

Kuna mambo mawili ya kuona hapo. La kwanza, bei ya chini haitokani na jani kukosa thamani. Jani lina thamani ya 500 na bado linanunuliwa 300. La pili, hasara si ya mkulima peke yake. Kuna kilo 10,000 ambazo hazikuchumwa kabisa. Mnaponionyesha mashamba ya chai yaliyogeuka msitu, huku mashine kiwandani zinafanya kazi chini ya uwezo wake, msiseme wakulima ni wavivu. Ndiyo sura ya mnunuzi pekee.

*3. Bei elekezi inasaidia, halafu inavuja*

Hapa tunakubaliana na wenye hoja ya bei elekezi, tena kwa sababu ambayo huenda hawakuifikiria. Bodi ya Chai ikisema bei isipungue 330, hesabu ya meneja inabadilika. Hana tena chaguo la 300. Kila kilo inamgharimu 330, ya zamani na ya nyongeza, na kwenye kila moja anabaki na 170. Sasa hana sababu ya kuzikataa zile kilo 10,000. Bei imepanda na majani yanayonunuliwa yameongezeka. Wanaosema bei elekezi lazima ipunguze ununuzi wanatumia hesabu ya soko lenye wanunuzi wengi.

Lakini kuna kikomo. Bei ikiwekwa 520 kwenye mfano wetu, kiwanda kinapata hasara ya 20 kwa kila kilo na kitafunga milango, au kitanunua asubuhi na kukataa mchana. Kwa hiyo tamko la "ipandishwe" bila kujua thamani ya jani ni kurusha jiwe gizani.

Na kuna kuvuja. Sheria inapanga bei ya kilo, ila haipo pale kwenye mizani. Chukueni mkulima aliyeleta kilo 20. Karani anatoa kilo 2, "ya gunia na ya maji". Anaandika 18. Mara 330 ni shilingi 5,940. Gawanyeni kwa kilo 20 alizochuma kweli: ni shilingi 297. Bei elekezi imekwisha pale pale kituoni, na risiti bado inasomeka 330.

Halafu pesa inatoka baada ya miezi miwili. Mkulima aliyekopa kwa mtu mtaani kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, ili alipe wachumaji, atakuwa amelipa shilingi 1,188 juu ya ile 5,940. Anabaki na 4,752, yaani kama 238 kwa kila kilo. Mwenye wanunuzi wawili angemwambia anayechelewesha kwaheri. Mwenye mnunuzi mmoja anasubiri.

Kwa hiyo dalili za mnunuzi pekee msizitafute kwenye tangazo la bei tu. Tazameni makato ya uzito, siku za kusubiri malipo, na majani yanayokataliwa msimu wa mvua kwa kisingizio cha ubora wakati yale yale yalipokelewa kiangazi. Tazameni pia mpaka: vijiji ambako magari ya kampuni mbili yanafika, je, bei, makato na siku za malipo ni sawa na vijiji vya gari moja? Mkiona tofauti kwa jani lile lile na mvua ile ile, mmeshapata ushahidi kuliko hotuba kumi.

*4. Na hisa zetu je?*

Wapo watakaosema: wakulima kupitia umoja wao, RSTGA, wana hisa katika Wakulima Tea Company, kwa hiyo faida inarudi nyumbani. Ni kweli kwamba hisa zipo, na ni jambo la kulinda. Lakini ni hisa za upande mdogo, na upande mdogo hauamui bei ya jani.

Tupige hesabu. Tuseme wakulima wana hisa 30 katika kila 100. Bei ya jani ikipunguzwa shilingi 30 kwa kilo 100,000, mfukoni mwa wakulima zimetoka milioni 3. Zikienda zote kwenye faida, na faida yote ikigawiwa bila kukatwa kodi, zitarudi shilingi 900,000. Milioni 2.1 zimehama. Na hata ile laki tisa haimrudii mchumaji kwa kilo zake, inapita kwenye umoja. Mwenye hisa chache anayeuza malighafi kwa kampuni yake mwenyewe anafaidika zaidi na bei nzuri ya jani kuliko gawio. Wawakilishi wetu wakikaa kwenye bodi, hilo ndilo swali lao la kwanza.

*5. Kwa nini dawa ya kakao haitoshi*

Wengine mmetuuliza: mbona Kyela kakao inauzwa kwa stakabadhi ghalani na mnada, na wanunuzi wanagombania? Tuige.

Swali zuri. Kule nako kulikuwa na mnunuzi wa mlangoni, ile njemke, mtu anauza kakao mbichi kwa shida kabla haijakauka. Kilichobadilika ni kwamba kakao ikichachushwa na kukaushwa inaweza kukaa ghalani. Mzigo ukikaa ghalani, wanunuzi wanaletwa kwenye mzigo. Kusubiri ndiko kunakomvunja nguvu mnunuzi pekee.

Jani la chai halina ghala. Huwezi kulinadi kesho. Kinachoweza kukaa ni chai kavu, baada ya kunyaushwa, kusagwa, kuchachuliwa na kukaushwa. Chai kavu ina mnada wa Mombasa wa miaka mingi, na tangu mwaka 2023 kuna mnada wa Dar es Salaam. Huko wanunuzi ni wengi na bei inajulikana. Tatizo letu liko katikati: ushindani upo baada ya kiwanda, kabla ya kiwanda haupo. Kama hatuwezi kuleta wanunuzi wengi kwenye jani, basi bei ya jani ifungwe kwenye bei ya chai kavu, mahali ambapo ushindani upo.

Sri Lanka wanafanya hivyo kwa sheria. Mapato ya kiwanda kutokana na mauzo ya chai yanagawanywa: asilimia 68 kwa waliouza majani, asilimia 32 kwa kiwanda. Tuijaribu kwa mfano. Chai kavu ikiuzwa shilingi 3,000 kwa kilo, fungu la jani ni 2,040. Kwa kawaida kilo 5 hivi za jani bichi zinatoa kilo moja ya chai kavu, kwa hiyo jani linapata 408. Tukichuma vizuri, majani mawili na chipukizi, na jani lisichemke njiani, chai inakuwa bora na bei ya mnadani inapanda, na safari hii nyongeza hiyo inamfikia mchumaji.

Tusidanganyane: fomula inakata pande zote. Chai kavu ikishuka hadi 2,000, jani linashuka hadi 272. Ndiyo maana bei elekezi isifutwe, ibaki kama sakafu. Kenya, kwa wakulima wa KTDA, kuna malipo ya kila mwezi kwa kilo, halafu malipo ya pili baada ya hesabu za mwaka, ndiyo yale wanayoyaita bonasi. Kwetu inaweza kuwa hivyo: sakafu kila mwezi, na mwisho wa mwaka tofauti kati ya sakafu na fungu letu. Na asilimia 68 si lazima iwe yetu. Ikokotolewe kwa gharama halisi za viwanda vya huku, vitabu vikiwa mezani.

*6. Kuhusu kung'oa*

Parachichi ina wanunuzi zaidi leo, ndiyo maana inavutia. Hatumkatazi mtu kupanda shamba lake. Tunaomba mjiulize swali lile lile kabla ya kushika jembe: tunda hili likishaiva, ni wangapi wanaoweza kulifikia na kulilipa wiki hiyo? Anayechukua tunda la daraja la kwanza kwa ajili ya nje akiwa mmoja kijijini kwako, umehama nyumba ila mwenye nyumba ni yule yule. Na kumbukeni, kila shamba linalong'olewa linapunguza mzigo wa kituo, na kituo chenye mzigo mdogo ndicho gari linaacha kufika. Jirani yako aliyebaki na chai ndiye ataumia.

*7. Tunachopendekeza mkutano upitishe*

Kwanza, kila mwanachama mwenye chai awe na daftari: tarehe, kilo kabla ya makato, kilo zilizoandikwa, kilo zilizokataliwa na sababu iliyotolewa, siku pesa ilipoingia. Ofisi ya tawi itajumlisha kwa kila kituo, bila kutaja majina ya wakulima. Miezi mitatu ya daftari itatupa bei halisi ya kila kituo, na tutailinganisha na vijiji vya mpakani.

Pili, madiwani wetu wa Rungwe na Busokelo wapeleke hoja kwamba makato ya uzito yawe kipimo kimoja kinachobandikwa kituoni, gunia tupu lipimwe mbele ya mkulima, na malipo yawe na siku ya mwisho inayojulikana, ikipita kuwe na riba.

Tatu, tuiombe Bodi ya Chai ifunge bei ya jani kwenye bei ya mnada, kwa sakafu na malipo ya pili kama tulivyoeleza, na kila kiwanda kitangaze bei ya wastani iliyouzia chai yake.

Nne, pale mnunuzi wa pili anapotaka kufungua kituo, tawi lisimpinge kwa kisingizio cha "mgeni". Lakini mkataba wowote unaomfunga mkulima kuuza kwa mmoja kwa miaka mingi, kwa kubadilishana na mbolea ya mkopo, usainiwe baada ya kusomwa kwenye mkutano. Mbolea hiyo ni ya msimu mmoja na kufungwa ni kwa miaka yote ya mkataba.

Hoja za kupinga zinakaribishwa, na anayeona hesabu zetu zina kasoro aje na kalamu tukokotoe pamoja. Mje na risiti zenu za vituoni, hasa za msimu huu wa mvua.



*Katibu wa Tawi*
*Kwa niaba ya Kamati ya Utekelezaji ya Tawi*